Bahasha Thelathini za Mzee Stanislausi

Gaudensia Kwangu ana tabia moja ambayo majirani zake wa Kabasa, pale Bunda mjini, wameizoea kama walivyozoea vumbi: anaota akiwa macho. Unaweza kusimama mbele ya meza yake umeshika kitambulisho, unataka kopi mbili, naye anakutazama usoni kwa upole wote, na hayupo. Subiri kidogo, atarudi. Tena akirudi atakutolea kopi safi ambazo hukuwahi kuzipata kwingine. Wanaomjua hawagombani naye. Wasiomjua hugonga meza.

Steshenari yake ni chumba kimoja chenye dirisha linalotazama njia ya kwenda sokoni. Ndani kuna kompyuta, rafu ya madaftari, kiti cha wateja, na printa moja nyeusi aliyoiweka kwa namna iliyowashangaza watu wengi. Wenzake huisukuma printa ukutani ili kuokoa nafasi. Yeye ameiweka katikati ya meza, mbele na nyuma kuko wazi, kama mgonjwa anayetaka kuhudumiwa pande zote. Ukimwuliza sababu atakwambia kwamba printa ina mlango wa nyuma, na mlango usiofunguka ni ukuta tu.

Juu ya meza kuna kioo, na chini ya kioo, kwenye kona ya kulia, kuna kikadi kigumu chenye rangi ya mchanga, kimetobolewa tundu moja. Ni kadi ya robota, ile inayofungwa kwenye marobota ya pamba. Katikati yake limeandikwa jina moja kwa penseli: Jenoveva. Herufi ni za kulala kidogo, nzuri mno, na jina limejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Jenoveva alikuwa mama yake, aliyefariki mwaka juzi. Mwandishi, kama Gaudensia alivyoamini maisha yake yote, alikuwa baba.

Hiki kikadi ndicho kilichomfanya awe alivyo, kwa hiyo tukiseme vizuri. Alipokuwa mtoto huko Butiama, baba yake, Kwangu, alikuwa akifanya kazi jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, hapa Bunda. Msimu ukianza harudi nyumbani mpaka uishe, maana mashine hazilali. Barua ndizo zilizokuja, mikononi mwa konda wa basi, na ndani ya kila bahasha, pamoja na barua, kulikuwa na kikadi cha robota chenye jina la mama. Hakuna aliyejua kilikuwa cha nini. Mama alivikusanya kwenye kopo la majani ya chai. Gaudensia akawa anakichukua kimoja, anafuatisha herufi kwa kidole, J, e, n, mpaka akajua kusoma kabla ya kuanza shule. Alipokuwa darasa la nne baba akafariki huko huko kazini kwa malaria, na sura yake ikaanza kufifia. Mwandiko haukufifia. Kila Gaudensia alipomwuliza mama, mama alijibu vilevile: "Mkono wa baba yako ulikuwa mzuri." Baadaye kopo liliingia maji ya mvua, kikasalia kikadi kimoja, ndicho hicho kilicho chini ya kioo.

Basi mtoto aliyemjua baba yake kwa karatasi, unategemea akue apende nini? Kushona? Alipomaliza shule alikwenda Musoma, akapata kazi Nyasho kwa bwana mmoja aitwaye Maige, mkali kuliko pilipili, aliyekuwa na printa tatu na subira ya printa nusu. Maige ndiye aliyemfundisha. Alimfundisha kwamba karatasi ya kawaida inakaa kwenye trei ya chini, na kwamba kutoka pale inapanda ikijikunja nyuma na mbele kabla ya kutokea juu. Karatasi laini inaweza kucheza ngoma hiyo. Kadi ngumu haiwezi. Ukiilazimisha itakwama kwenye kona. Ngumu inapita trei ya mkono, ile ya mbele inayofunguka kama kidevu, na nyuma unaifungulia mlango itoke imenyooka.

"Halafu uiambie kompyuta ukweli!" Maige alikuwa akifoka. "Mashine haina macho. Ukiiambia hii ni karatasi ya kawaida wakati ni kadi nene, itapitisha mbio na moto mdogo, wino hautashika. Mteja ataufuta kwa kidole kama vumbi!"

Maige huyo huyo, kwa ubahili wake, ndiye aliyeua printa yake kubwa. Alikuwa na karatasi ya lebo iliyobaki nusu, lebo nyingine zimeshabanduliwa. Akairudisha kwenye mashine asipoteze nusu iliyobaki. Ndani kuna rola za moto zinazoyeyusha wino ushike. Lebo moja, ambayo ukingo wake ulikuwa umeshalegea, ikabanduka kwa joto na kujibandika kwenye rola. Gundi ikaenea. Ile mashine haikupona. Gaudensia aliiona ikibebwa nje kwa kitanda cha mbao, Maige nyuma yake kimya, akapata huruma hata machozi yakamtoka. Watu wa Nyasho walidhani analilia kazi.

Sasa tuje siku yenyewe. Ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi, na mvua ya usiku ilikuwa imelaza vumbi. Wa kwanza kuingia alikuwa Consolata, mwenye kikundi cha akina mama wanaosaga karanga.

"Dada Gaude, leo sikusumbui," alisema, akitoa karatasi ya lebo kwenye mkoba. "Ile ya juzi ilibakiga nane. Nipigie hizo nane tu, za makopo ya mwisho."

Gaudensia aliitazama karatasi kama mtu anavyotazama nyoka aliyelala.

"Hiyo haingii."

"Si ni lebo zako mwenyewe?"

"Ni zangu. Na printa ni yangu. Karatasi ya lebo inaingia mara moja, ikiwa nzima. Hizo nane ziandike kwa kalamu, mwandiko wako mzuri."

"We mwanamke una roho ngumu," Consolata alisema, lakini alikuwa anacheka. Alichukua karatasi mpya. Gaudensia akaiweka trei ya mkono, akafungua mlango wa nyuma, kwenye aina ya karatasi akachagua lebo, na lebo zikatoka nyuma zimenyooka, moto moto. Consolata akaondoka akipepea karatasi yake. Gaudensia akafunga mlango wa nyuma kuzuia vumbi, kama afanyavyo kila mara.

Ndipo alipoingia Mzee Stanislausi.

Alikuwa mzee mrefu, amevaa koti la suti ingawa joto lilishaanza, na chini ya kwapa alikuwa amebana boksi la viatu lililofungwa kwa kamba ya katani. Aliketi kwanza, ndipo akasalimiwa. Gaudensia hakuwahi kumwona. Kuna wazee wengi Guta, na alikotoka ni huko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wamenambia wewe hukwamishi karatasi."

"Wamezidisha kidogo."

"Mimi sitaki kidogo," alisema. Akaweka boksi juu ya meza na kuanza kufungua fundo. Hapo ndipo Gaudensia alipoona mikono yake. Ilikuwa inatetemeka, si kwa baridi wala hasira, ilitetemeka tu yenyewe, na kila alipokaribia fundo vidole vilipita pembeni. Alitaka kumsaidia akajizuia. Walingoja wote wawili mpaka fundo likafunguka.

Ndani kulikuwa na kadi thelathini na bahasha thelathini, rangi ya maziwa, zimefungwa kwa karatasi nyembamba, zina harufu ya sanduku. Mzee alieleza taratibu. Jumapili ya wiki ijayo yeye na mkewe Petronila wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, na padri atawabariki upya kanisani. Kadi hizi alizinunua Mwanza zamani, kwenye duka lililokwisha kufungwa, akaziweka kwa ajili ya siku hiyo. Alikuwa karani. Maisha yake yote amewaandikia watu kadi na bahasha, harusi za watu, misiba ya watu, na alijiahidi kwamba za kwake ataziandika mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita alianza kujipanga. Halafu mkono ukamkataa.

"Binti yangu Sara akasema, Baba, nenda ukapige chapa, watu wanapigaga chapa siku hizi. Nikakataa mwezi mzima." Alizitazama kadi. "Ni thelathini, mwanangu. Hakuna ya thelathini na moja. Ukiharibu moja, kuna mtu hatakuja."

"Nimekuelewa, mzee."

"Majina ni ishirini na tisa, Sara amekuandikia hapa." Alitoa simu, na Gaudensia akasoma ujumbe wa Sara. "Kadi zote thelathini zipige. Lakini bahasha, hii ya juu kabisa usiiguse. Hiyo nitaiandika mwenyewe, siku mkono ukitulia. Ni ya Petronila."

"Mama mwenyewe naye anaalikwa?"

"Mimi sikumwalikaga," alisema mzee. "Mwaka ule baba yake na baba yangu ndio waliongea. Sasa namwalika."

Gaudensia alilipenda jambo hilo mpaka likamwumiza. Bahati mbaya, akipenda kitu ndipo anapoanza kuota, ila bado alikuwa macho, na kadi zilimngoja. Kwenye msumari ukutani alikuwa ameuning'iniza utepe wenye vipande vya karatasi na kadi alivyovikata mwenyewe, kila kimoja kimeandikwa uzito wake: gramu themanini, mia na ishirini, mia na sitini, mia mbili, mia mbili na hamsini. Alishika kadi ya mzee kati ya kidole gumba na cha shahada, akakunja ncha kidogo, akafanya vivyo hivyo kwa kila kipande cha utepe. Alifumba macho. Ilikuwa mia mbili. Printa yake, kitabu chake kinasema, inapokea mpaka mia mbili na ishirini kwa trei ya mkono.

"Ingekuwa ya hiki hapa," alimwambia mzee akimwonyesha kipande cha mwisho, "ningekurudishia. Hata ungelia."

"Ningelia," alisema mzee.

Gaudensia hakuanza na kadi ya mzee. Alichukua kadi ya kwake ya gramu zilezile, akaikata kwa kipimo kilekile, akaitanguliza. Kwanza alimwonyesha mzee, kwa sababu makarani hupenda kuona: kwenye kompyuta akaacha karatasi ya kawaida, akapitisha, akampa asugue kwa kidole. Wino ukatoka, kidole cha mzee kikawa cheusi. Kisha akachagua karatasi nene, trei ya mkono, mlango wa nyuma wazi. Printa ikanguruma, ikafikiri, ikapitisha kadi polepole. Mzee akasugua, akasugua tena. Haukutoka.

Basi wakaanza. Moja moja, mkono wa Gaudensia ukiweka, vizuizi vya pembeni vimeigusa kadi bila kuibana. Kila kadi iliingia mbele tupu na kutokea nyuma ikiwa na maneno, imenyooka, ikiteleza juu ya kitambaa alichokitandika. Mzee alisogeza kiti upande wa nyuma. Alikaa pale kama mtu aliye ukingoni mwa ziwa asubuhi, akitazama kadi zikimjia, na kila iliyofika aliisoma yote, kana kwamba labda hii ina habari tofauti. Nje watu walipita na vikapu. Hewa ilikuwa na harufu ya wino wa moto na ya lile sanduku la zamani, na Gaudensia akahisi chumba kizima kimepanda juu kidogo kutoka ardhini, kinaelea.

Thelathini zote zilitoka salama.

Hapo ndipo alipopaswa kunywa maji, kutembea, kunawa uso. Badala yake aliendelea. Kwa bahasha alifanya yote ambayo Maige angetaka. Aliteremsha vishikio viwili vya kijani nyuma ya mlango, vile vinavyolegeza rola zisiibane bahasha na kuikunja mistari. Akachagua bahasha kwenye aina ya karatasi, na kipimo chake. Akazigongagonga bahasha zote mezani zikae sawa, ulimi umekunjwa ukitazama chini. Lakini kichwani alikuwa akimwona Petronila asiyemjua, akipokea bahasha mlangoni kwake mwenyewe, akiuliza imetoka kwa nani. Alimwona akikausha mikono. Alikuwa mbali kabisa, pazuri mno, na mkono wake ukachukua bahasha ya juu, ukaiweka kwenye trei, na kidole kikabonyeza.

Printa ikaivuta. Kukawa na mlio aliousikia mara ya mwisho Nyasho, mlio wa kutafuna. Kisha kimya, na taa ya njano ikawaka.

"Hiyo ni ya juu," alisema Mzee Stanislausi kwa sauti ndogo sana.

Gaudensia alirudi duniani kwa ghafla, kama mtu aliyeangushwa. Alisikia aibu ikimpanda toka miguuni. Aliambiwa usiiguse. Aliambiwa kwa Kiswahili, na mzee mwenye adabu, dakika chache zilizopita! Alizima printa. Alitaka kuvuta papo hapo lakini rola zilikuwa za moto, na ukivuta kwa haraka inachanika, kipande kinabaki ndani. Akangoja. Kungoja kule kulikuwa kurefu kuliko asubuhi yote. Mzee hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Alikuwa ameshika mikono yake miwili magotini, mmoja ukiukandamiza mwingine.

Mashine ilipopoa, Gaudensia aliishika bahasha kwa mikono yote miwili upande wa nyuma, kule ilikokuwa inaelekea, akaivuta polepole bila kuirudisha ilikotoka. Ikatoka imekunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa, jina la mgeni wa kwanza limepinda juu yake. Na katikati palikuwa pagumu. Kulikuwa na kitu ndani.

"Mzee, bahasha hizi hazikuwa tupu?"

Mzee aliinua uso. Kisha, polepole, akaweka kiganja juu ya paji lake.

"Vikadi," alisema. "Mungu wangu. Nilisahau vikadi."

Gaudensia alifungua bahasha nyingine, akachungulia. Kulikuwa na kikadi. Akafungua ya tatu. Kulikuwa na kikadi. Bila shaka kadi ngumu ndani ya bahasha, imekaa upande, isingepita. Hata ingekuwa bahasha ya askofu isingepita.

"Ni mazoea ya kazi," mzee alieleza. "Tulikuwaga tunaandika bahasha nyingi kwa mkupuo. Mtu analeta barua, mwingine analeta. Ili zisichanganyikane naandika jina kwenye kikadi, nakitumbukiza, halafu nikitulia ndiyo naandika nje, kikadi kinaendaga humo humo. Hizi nilizitumbukizia ile miaka mitatu iliyopita, mkono ukiwa bado wangu. Sikukumbuka kabisa. Kosa ni langu, mwanangu."

"Ni langu," alisema Gaudensia. "Uliniambia nisiiguse."

Alichomoa kikadi kutoka kwenye bahasha iliyoharibika. Kilikuwa cha rangi ya mchanga, kigumu, chenye tundu moja. Kadi ya robota. Juu yake, kwa penseli, kwa herufi za kulala kidogo, nzuri mno, kulikuwa kumeandikwa: Petronila.

Gaudensia aliisoma ile P, halafu e, n ya kati, a ya mwisho yenye mkia. Alizijua. Kidole chake kilizijua kabla ya macho. Alikiweka kikadi juu ya kioo cha meza, kando ya kile cha chini, na vikadi viwili vikatazamana, Petronila na Jenoveva, mkono mmoja.

"Mzee," alisema, "wewe ulikuwa karani wa wapi?"

"Jineri. Hapa hapa Bunda. Miaka ishirini na minane."

Basi akaelewa. Haikuhitaji kuulizwa zaidi. Ile sauti ya baba aliyokuwa akiisikia kwenye herufi, ule mkono alioufuata kwa kidole chake usiku na mchana, ulikuwa wa mtu mwingine, huyu hapa, amevaa koti, anatetemeka. Baba hakuandika. Labda baba hakujua kuandika. Na mama alijua, akanyamaza maisha yake yote. Gaudensia aliumia. Aliumia kama mtu anayefiwa mara ya pili na marehemu yule yule, na hakuwa na mahali pa kuyapeleka maumivu, kwa sababu mbele yake kulikuwa na mzee ambaye bahasha ya mkewe imeharibika.

Kwa hiyo akafanya kazi. Alibandua bahasha mbovu kwenye maungio yake taratibu, akaitandaza, ikawa ramani ya jinsi inavyokatwa. Kwenye rafu alikuwa na karatasi nzito ya rangi inayokaribia ile ya maziwa, si ile yenyewe, ila kwa macho ya Jumapili itapita. Akaikata kwa kufuata ramani, akakunja kwa ukingo wa rula, akapaka gundi. Ikawa bahasha. Kisha akachukua kikadi chenye jina la Petronila, akakishika juu yake, katikati.

"Kikae hapa," alisema. "Nje. Kwa gundi ya mkono. Hii haipiti kwenye mashine yoyote. Mkono wako wa zamani ndio utakaomwalika."

Mzee alisogeza miwani yake akitazama. Macho yake yalijaa.

"Kitaonekana kama kadi ya robota."

"Ndivyo kilivyo, mzee."

"Petronila alikuwaga anavijua," alisema, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Nilikuwa narudi navyo mfukoni, anaviokota akifua."

Gaudensia akakibandika. Kisha wakakaa wote wawili, wakachomoa vikadi vingine ishirini na tisa, kimoja kimoja, Gaudensia akipapasa kila bahasha mara mbili kabla ya kuirudisha mezani. Zilipokuwa tupu kweli akazipitisha, vishikio vya kijani vikiwa chini, na zikatokea nyuma laini, bila mkunjo hata mmoja. Hakuota. Alipomaliza aliviinua vishikio mahali pake, akafunga mlango.

Ni wakati Gaudensia anafunga kamba ya boksi ndipo mzee alipoinama juu ya kioo. Miwani yake ilikuwa imeteleza. Alisoma kikadi cha chini, akasoma tena.

"Jenoveva," alisema. "Jenoveva wa Kwangu. Nyumba ya pili baada ya kisima, nyuma ya kanisa, Butiama."

Akamgeukia Gaudensia.

"Wewe ni nani kwake?"

"Ni mama yangu. Kwangu ni baba."

"Huyo Kwangu!" Mzee aliketi tena, boksi magotini. "Alinisumbua sana. Wenzake walikuwa wanaleta barua wanaondoka. Yeye alikuwa anasimama nyuma yangu mpaka nimalize, ananipumulia shingoni. Hata kikadi, kitu cha kutupa, lazima akione. Ananiambia, karani, liongeze. Nilimwambia bahasha ina mpangilio wake bwana, jina halizidi mji. Akakataa. Akasema mji hautaisoma. Liwe kubwa kuliko yote, alione tangu mlangoni. Wengine wote niliwaandikia nilivyotaka mimi. Yeye peke yake ndiye niliyemwandikia alivyotaka yeye."

Mzee alisema mengine pia, juu ya marobota na msimu wa mwaka fulani, halafu akainuka, akaaga, akaondoka na boksi lake chini ya kwapa, akitembea pembeni mwa barabara ambapo hakuna matope. Mteja aliingia akataka kopi ya cheti. Alisimama mbele ya meza, akasubiri, kisha akagonga.

Gaudensia hakumsikia. Alikuwa ameinua kioo na kukitoa kikadi. Miaka yote alikuwa amezifuata herufi zake kwa kidole, moja baada ya nyingine, akimtafuta baba ndani yake. Sasa hakuzifuata. Alikiweka kikadi kwenye kiganja na kuangalia tu jina lilivyokuwa kubwa.